Ghala Limejaa, Mtoto Mfupi

Julai ya Mufindi ina baridi inayoingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo siku ile ubao wa kupimia tuliuingiza ndani ya ofisi ya kijiji na kuulaza juu ya mkeka. Nilikuwa nimefuatana na afisa lishe wa halmashauri, na kazi yangu ilikuwa kuandika namba alizozisoma. Akalazwa msichana wa kwanza, miezi 24 kwa kadi ya kliniki. Sentimita 79.2. Akafuata wa jirani, msichana pia, umri uleule. Sentimita 80.6. Kwenye fomu wa kwanza akawekewa alama ya udumavu, wa pili hakuwekewa. Mama wa wa pili akashusha pumzi, akamfunga mwanawe mgongoni, akaondoka.

Bibi wa yule wa kwanza hakuondoka. Alinitazama nikiandika, halafu akaniambia, "Mwanangu, mnahangaika bure. Huyu kafuata kwetu. Sisi sote wafupi."

Mchana nilipita nyumbani kwa bibi huyo. Chumba kimoja kizima kilikuwa cha magunia ya mahindi, yamepangwa hadi kugusa dari. Nilihesabu mstari wa mbele tu nikaacha. Kwa macho ya mtu yeyote hapo hapakuwa na njaa.

Makala hii inahusu magunia yale na ubao ule. Tanzania hupima watoto wake katika uchunguzi mkubwa wa afya unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa, na majibu huja kama asilimia: mjini hivi, vijijini vile, tajiri hivi, maskini vile. Diwani husomewa asilimia hizo, mwalimu huziona ukutani kwenye zahanati, mzazi huzisikia redioni. Wachache huelezwa zimepatikanaje na zinaficha nini.

Tuanze na neno la bibi, maana ndilo husemwa kila mahali.

Kipimo kinachotumika ni cha Shirika la Afya Duniani, kilichotolewa mwaka 2006. Kilitengenezwa kwa kufuatilia watoto wa nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto wa familia zisizo na dhiki, walionyonyeshwa ipasavyo, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Wapimaji walikuta kwamba hadi kufikia miaka mitano watoto wa Muskati, wa Akra na wa Oslo hurefuka kwa namna inayokaribiana sana. Tofauti za ukoo zipo ndani ya kila nchi, kuna mrefu na kuna mfupi, lakini wastani wa kundi zima hauachani kwa kiasi tunachokiona kati ya kijiji na mji ndani ya nchi moja.

Msichana wa kawaida wa miezi 24, akilazwa kwenye ubao, ana sentimita 86.4. Hakuna anayetarajia kila mtoto afike hapo, kwa hiyo wataalamu wameweka hatua za kushuka kutoka kwenye wastani huo. Kwa msichana wa umri huu hatua moja ni kama sentimita 3.2. Aliyeshuka zaidi ya hatua mbili, yaani chini ya sentimita 80.0, huhesabiwa amedumaa. Katika watoto 100 wenye afya na shibe, wawili au watatu wataangukia huko kwa sababu ya maumbile tu. Kwa hiyo mtoto mmoja mfupi katika ukoo wa wafupi anaweza kweli kuwa amefuata kwao. Watoto 40 kati ya 100 hawawezi.

Bibi alikuwa sahihi kwa sehemu. Mama mfupi huzaa mtoto mdogo zaidi, na mtoto aliyezaliwa mdogo huanza safari akiwa nyuma. Ila ufupi wa mama wenyewe mara nyingi ulitokana na alivyolishwa yeye alipokuwa mchanga, na mama yake kabla yake. Ndiyo maana nchi ikiboresha lishe leo haiwezi kuuona mwisho wa udumavu katika kizazi kimoja.

Sasa turudi kwa yule msichana wa pili, wa sentimita 80.6, ambaye mama yake aliondoka ametulia. Huyo amepungukiwa karibu sentimita sita kutoka kwenye wastani. Kilichomtenga na mwenzake ni sentimita 1.4, na mstari ukapita katikati yao. Ukitazama fomu nzima ya siku ile, na si wale walioangukia chini ya mstari tu, unaona kijiji kizima kimesogea chini. Hata mtoto wa mwenyekiti, aliyekuwa mrefu kuliko wote, hakufika kwenye wastani wa kipimo. Asilimia ya udumavu huhesabu waliovuka mstari tu. Haikwambii kwamba majirani zao nao wamepoteza.

Hili lina maana kwa anayepanga msaada. Ukiamini kuwa tatizo ni la wale waliowekewa alama, utawatafuta nyumba kwa nyumba na kuwapa unga. Ukiona kuwa kundi zima limeshuka, utauliza ni kitu gani kimewagusa wote.

Pengo lenyewe likoje? Chukua uchunguzi wa mwaka 2015-16, ambao takwimu zake zimetumika sana. Nchi nzima watoto 34 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Vijijini walikuwa 38, mijini 25. Ukipanga kaya kwa utajiri, fungu la chini kabisa lilikuwa na 40, la juu kabisa 19. Dar es Salaam ilikuwa na takriban 15, Rukwa 56. Mwaka 2022 wastani wa nchi ulishuka hadi 30, lakini Iringa ilifika 57, na Njombe na Rukwa zikawa karibu na 50.

Tazama kwanza namba ya matajiri. Kati ya watoto wa fungu la juu, karibu mmoja katika watano alikuwa amedumaa, wakati maumbile peke yake yangetupa wawili au watatu katika mia. Pesa inapunguza udumavu, ila haitoshi kuuondoa. Wazazi wa mjini wanaodhani habari hii ni ya wakulima tu waitazame namba hiyo mara mbili.

Halafu jiulize huo utajiri unapimwaje. Wadadisi hawaulizi mshahara, maana watu wengi hawana mshahara, na wenye nao hawasemi ukweli. Wanauliza vitu: sakafu ni ya udongo au saruji, paa ni nyasi au bati, maji yanatoka wapi, choo cha namna gani, kuna umeme, redio, simu, televisheni, pikipiki. Kila kitu hupewa uzito wake, kaya zote za nchi zikapangwa mstari mmoja, mstari ukakatwa mafungu matano yaliyo sawa.

Kwa utaratibu huu mjini hupanda tu. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese ana umeme, ana saruji chini, ana bomba mtaani. Mkulima wa Mufindi mwenye ekari nane na ghala lililojaa hana umeme na anachota maji kisimani. Yule wa kwanza anaweza kuwekwa fungu la juu kuliko wa pili, ingawa mwisho wa mwezi akikosa kibarua siku mbili watoto wake wanalala na chai. Ndiyo sababu pengo la kijiji na mji na pengo la tajiri na maskini si mambo mawili yanayojitegemea. Kwa sehemu kubwa ni jambo moja lililopigwa picha kutoka pande mbili. Watafiti waliolinganisha kaya za mjini na za kijijini zenye hali sawa, katika nchi nyingi, walikuta pengo linapungua sana, na kwingine linatoweka. Mtoto wa maskini wa mjini hana nafuu kubwa kuliko mtoto wa maskini wa kijijini.

Kuna mtego mwingine hapa, nao ni wa asilimia dhidi ya idadi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 Dar es Salaam na milioni 1.19 Iringa. Tufanye hesabu ya kukadiria: tuseme kati ya kila watu 100 wa Dar, 11 ni watoto chini ya miaka mitano, na mmoja katika sita wao amedumaa. Tunapata karibu watoto laki moja. Iringa tuseme ni 13 kati ya 100, na 57 katika kila mia wamedumaa. Tunapata kama elfu themanini na nane. Mkoa wa mwisho kwa asilimia na jiji linalosifiwa wana mzigo unaokaribiana kwa vichwa. Anayegawa fedha kwa kutazama ramani ya asilimia peke yake atamsahau mtoto wa Tandale.

Lakini Iringa, mkoa ilimo Mufindi, bado ni fumbo, na ndiyo iliyonivuta kuandika. Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma ni kati ya mikoa inayolisha nchi mahindi. Iringa yenyewe haimo kwenye mikoa maskini kupindukia. Tena Iringa ina historia: kuanzia mwaka 1983 ilikuwa na mradi wa lishe ulioendeshwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ukianzia vijiji 168, na ukawa mfano uliotajwa duniani kote. Kila kijiji kilikuwa na siku ya kupima watoto, namba zilijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, na watoto wenye utapiamlo mkali walipungua sana. Ila mizani ya wakati ule ilipima uzito. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaoendana na mwili wake, mashavu yamejaa, na bado akawa mfupi. Udumavu hauonekani kwa macho pale ambapo watoto wote wa rika moja wamedumaa kwa pamoja.

Nini basi kinapotea kati ya ghala na mtoto?

Cha kwanza ni kwamba mahindi yanashibisha tu. Ili mifupa irefuke, mwili unahitaji protini iliyo kamili pamoja na madini kama zinki, na hivyo hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye maziwa, mayai, samaki, nyama na jamii ya kunde. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe yanapoteza hata kile kidogo yalichokuwa nacho. Dona ni afadhali. Kipimo cha kimataifa kinagawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, kunde na karanga, maziwa ya mifugo na bidhaa zake, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Kila siku mtoto apate angalau matano.

Hapa niseme jambo kuhusu unga wa lishe. Madukani kuna mifuko imeandikwa kwa fahari kwamba ina nafaka saba. Mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, uwele, shayiri: zote saba ni kundi moja. Mama aliyenunua mfuko huo kwa bei ya mara tatu ya dona amenunua kundi lilelile alilokuwa nalo ghalani. Karanga zikiongezwa linakuwa kundi la pili, lakini karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, zisisagwe kwa mtoto kwa kuwa eti kwenye uji hazitaonekana.

Cha pili ni uji wenyewe. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama mililita 240 kwa mlo, yaani kikombe kisichojaa. Uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe kama chai humjaza maji. Jikoni kwa bibi nilionyeshwa uji wa mjukuu kwenye chupa ya chai: ulipikwa alfajiri, ukawekwa mwepesi ili umiminike. Nikachota kijiko na kukiinamisha, ukatiririka wote. Uji wa mtoto ukiinamisha kijiko unapaswa kung'ang'ania kidogo kisha udondoke kwa tone zito. Ukiwa mzito mno kwa mtoto wa miezi saba, usiongeze maji; ongeza maziwa, au kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi mwishoni, ambacho huulegeza bila kuupunguzia nguvu. Kimea kilihimizwa sana na wataalamu wa lishe nchini miaka ya themanini na sijui kwa nini tumekiachia wapika pombe.

Kiasi nacho kina utaratibu. Miezi sita mtoto anaanza na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, pamoja na kunyonya. Miezi tisa hadi kumi na moja ni nusu kikombe cha robo lita, mara tatu au nne. Akitimiza mwaka ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, na kitu cha kutafuna katikati.

Cha tatu ndicho kizito, nacho ni muda wa mama. Mvua za nyanda za juu huanza Novemba, na kuanzia hapo hadi Machi mama yuko shambani, au kwenye mashamba ya chai akichuma kwa kilo. Mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake wa miaka saba na ile chupa. Mara tatu au nne kwa siku zinakuwa mbili, za baridi. Nilipomuuliza mama wa yule msichana wa kwanza kuhusu mayai, alicheka. Kuku anao kumi na mmoja. Mayai yanaenda Mafinga siku ya gulio, yanarudi kama daftari, sabuni na mafuta ya taa. Maziwa ya ng'ombe wa shemeji yake yanachukuliwa asubuhi na mnunuzi. Chakula cha kumrefusha mtoto kinazalishwa pale pale kijijini, na kinauzwa kwa kuwa ndicho kitu pekee chenye pesa ya haraka kati ya mavuno na mavuno.

Mwenye uwezo mjini hununua suluhisho la haya yote bila kujua kuwa ndilo analonunua: yai, pakiti ya maziwa, dada wa kazi, bomba uani, bodaboda hadi kliniki. Na mara nyingi mama mwenyewe amemaliza sekondari na amezaa akiwa na miaka ishirini na kitu badala ya kumi na saba.

Utasikia pia habari ya vyoo. Ni kweli mtoto anayetambaa kwenye kinyesi cha kuku huharisha, na utumbo uliochokozwa kila siku haunyonyi chakula vizuri. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba vyoo bora na kunawa mikono vitarefusha watoto. Majaribio makubwa yalifanyika magharibi mwa Kenya na vijijini Zimbabwe, matokeo yakatoka 2018 na 2019. Familia zilizopewa choo, mahali pa kunawia na dawa ya maji hazikuwa na watoto warefu kuliko wengine. Zilizopewa elimu ya ulishaji na kipakiti kidogo cha lishe cha kila siku zilipata nyongeza, lakini Zimbabwe ilikuwa takriban nusu sentimita. Hii haina maana kwamba choo hakina kazi. Kipindupindu hakingoji kipimo cha urefu. Maana yake ni kwamba choo cha shimo na kibuyu chirizi haviufikii usafi wa nyumba yenye maji ya bomba na sakafu inayopigwa deki, na kwamba kitu kimoja kilichoongezwa kwenye maisha ya kimaskini hurudisha sehemu ndogo tu ya kilichopotea. Mtu akikuahidi kumaliza udumavu wa wilaya kwa mradi mmoja wa miaka mitatu, mwombe akuonyeshe sentimita.

Ukitaka kupima mwenyewe, iwe kama mzazi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mjumbe wa kijiji, makosa mengi yako kwenye mwili na kwenye tarehe. Mtoto chini ya miaka miwili hulazwa; aliyezidi husimama. Usichanganye, kwa sababu mtoto yuleyule akilala huzidi akisimama kwa karibu sentimita 0.7. Vua viatu na kofia, fungua vishungi. Wanahitajika watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yakitazama dari, wa pili anabonyeza magoti taratibu yanyooke, anasogeza ubao wa chini hadi nyayo zote mbili ziukanyage. Soma hadi milimita. Pima mara mbili, na namba zikipishana zaidi ya nusu sentimita mimi huanza upya. Mtoto anayelia na kupiga mateke apelekwe kunyonya kwanza. Namba aliyoitoa akijikunja haifai kitu.

Umri utoke kwenye kadi, si kwenye "alizaliwa wakati wa kupalilia." Katika umri huu mtoto hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na mstari nao hupanda pamoja naye. Ukimwongezea mtoto miezi miwili kimakosa, unaweza kumgeuza mdumavu ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mistari ya kukumbuka, kwa mtoto aliyelazwa, ni hii. Msichana wa miezi 6 asiwe chini ya sentimita 61.2, wa mwaka mmoja 68.9, wa miaka miwili 80.0. Mvulana ni 63.3, 71.0 na 81.7. Lakini kipimo kimoja ni kama picha ya mnato. Mpime tena baada ya miezi mitatu uone kama anaendelea na njia yake au anateleza. Kadi nyingi nilizoshika zimejaa nukta za uzito na upande wa urefu mweupe kabisa. Omba zahanati waujaze, ni haki yako.

Na kama ni namba za kijiji chako unazitaka, kuwa mwangalifu. Tuseme mmepima watoto 30 siku ya afya na lishe ya kijiji, tisa wamedumaa. Mtaandika asilimia 30. Mngepima 30 wengine wa kijiji hichohicho mngeweza kupata watano au kumi na watatu bila chochote kubadilika. Uchunguzi wa taifa nao hutosha kusemea mkoa, si kata. Kwa hiyo diwani akisimama na kusema kata yake imeshusha udumavu kutoka 31 hadi 26 kwa mwaka mmoja, swali la kumuuliza ni watoto wangapi walipimwa, na je, ni walewale waliozoea kuja kliniki? Mama aliye mbali na zahanati, ambaye mtoto wake ana uwezekano mkubwa wa kuwa nyuma, ndiye asiyekuja siku ya kupima.

Swali jingine la mkutanoni linahusu fedha. Halmashauri zilielekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Katika kata yenye watoto 2,000 hiyo ni milioni mbili. Uliza zilitengwa au zilitolewa, maana hayo ni maneno mawili tofauti kwenye vitabu vya halmashauri, na uliza zilinunua nini. Semina ya siku mbili hotelini inaweza kuzimaliza. Kumlipa mama mmoja wa kila kitongoji apikie watoto wadogo mchana katika wiki za kupanda na kupalilia, kwa chakula cha wazazi wenyewe, kungegusa pale pale pengo lilipo. Nimeona mahali pawili wakifanya hivyo bila ya kuambiwa na mtu, chini ya mti wa mparachichi.

Kuhusu watoto wakubwa zaidi, kuna hesabu inayopotosha. Utaambiwa mtoto aliyekuwa hatua mbili chini akiwa na miaka miwili, na bado yuko hatua mbili chini akiwa na mitano, "hajaongeza upungufu." Lakini hatua hurefuka kadiri mtoto anavyokua. Kwa msichana wa miaka miwili hatua mbili ni sentimita 6.4, kwa wa miaka mitano ni karibu 9.5. Amepoteza sentimita nyingine tatu huku karatasi ikisema amesimama palepale. Kumlisha vizuri baada ya miaka miwili kunamfaa kwa mengi, damu, kinga, masomo, na asilimia ndogo ya urefu inaweza kurudi. Sehemu kubwa hairudi, kwa sababu ililiwa kati ya mimba na siku aliyoachishwa ziwa.

Kabla ya kuondoka Mufindi nilimrudia bibi, nikamwambia mjukuu wake wa tumboni, maana mkwewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, ndiye wa kufikiria sasa. Alinisikiliza, akainuka, akaingia ndani. Akatoka na trei ya mayai iliyokuwa inasubiri gulio. Akahesabu saba, akayaweka kando kwenye bakuli na kulifunika kwa kawa.

"Haya ya wiki," akasema. "Wakija wa Mafinga nitawaambia kuku wamegoma."